Sheria ndefu, wasomaji sita: namna ya kugawana kurasa na kuunganisha muhtasari bila kupoteza namba

Ukikaa Kolwezi, siku moja makaratasi ya mgodi yatakufikia. Labda kampuni inataka kusogeza shimo lake karibu na kartie yenu. Labda kuna mkutano kuhusu hati ya ahadi za kampuni kwa jamii, ile ambayo wengi tunaiita kaye de sharji. Au labda mnataka tu kujua komini ya Dilala au ya Manika inastahili kupata nini kutokana na shaba inayopita mbele ya milango yenu kwenye malori. Mtu anawatumia faili ya Sheria ya Madini kwenye simu. Mnaifungua: vifungu zaidi ya 300, Kifaransa cha wanasheria, hakuna picha hata moja. Hakuna atakayeimaliza peke yake kabla ya mkutano wa Jumamosi, kwa hiyo mnagawana kurasa, kila mtu anaandika muhtasari wa kipande chake, na mwisho mtu mmoja anaunganisha.

Njia hiyo ni nzuri, na makala haya yanaeleza jinsi ya kuifanya vizuri. Ila ujue mapema mahali penye hatari. Vikundi vingi hujiandaa kwa kazi ya kusoma na kudhani kuunganisha ni kunakili tu, kumbe mambo mengi hupotea pale pale kwenye kuunganisha: asilimia inabaki bila kitu chake, sharti linaachwa nyuma, namba mbili tofauti zinageuzwa kuwa moja. Nitatumia Sheria ya Madini yenyewe kama mfano kwa sababu inatuhusu wote hapa Lualaba, lakini hatua ni zile zile kwa ripoti ya athari za mazingira au kwa mkataba wa kampuni.

Kwanza, je, mna karatasi sahihi?

Sheria ya Madini ya Kongo ni sheria nambari 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002. Ilirekebishwa na sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Hapa watu wengi hukwama bila kujua. Sheria ya 2018 ilitolewa kama marekebisho, kwa hiyo ndani yake mna vifungu vilivyobadilishwa, vilivyoongezwa na vilivyofutwa, basi. Kifungu ambacho hakikuguswa hakimo. Mkigawana hiyo peke yake, msomaji mmoja atasema kwa moyo safi kwamba sheria haisemi lolote kuhusu jambo fulani, na kumbe jambo hilo liko katika maandishi ya 2002. Tafuteni toleo lililounganishwa. Kwenye jalada lake utasoma maneno "telle que modifiée et complétée", yaani sheria ya 2002 pamoja na mabadiliko ya 2018 mahali pamoja.

Faili hiyo haiuzwi. Sheria, kanuni na mikataba mingi ya madini ya Kongo inapatikana bure kwenye congomines.org, na mikataba ya kampuni iko pia kwenye resourcecontracts.org. Kinachogharimu ni megabaiti na fotokopi. Fanyeni hesabu kabla ya kwenda kwenye kibanda. Tuchukulie kitabu kina kurasa 200 na ukurasa mmoja ni faranga 100. Nakala sita kamili, moja kwa kila msomaji, ni faranga 120,000. Lakini hamhitaji nakala sita. Mnahitaji nakala moja ya kukatwa vipande, nakala moja nzima ya kubaki kwa msimamizi, na kurasa za mwanzo zenye maana za maneno zitolewe mara sita. Ikiwa kurasa hizo ni kumi, jumla ni kurasa 460, yaani faranga 46,000. Weka bei ya kibanda cha kwenu badala ya hiyo niliyoitumia.

Kabla ya kukata, mmoja apitie yote

Msimamizi wa kazi, yule atakayeunganisha, apate jioni moja ya kupitia kitabu chote bila kukisoma. Asome yaliyomo, aangalie vichwa vya milango na sura, aone kila mlango unaanzia na kuishia kifungu gani. Sheria hii imepangwa kwa milango mikubwa, ndani yake sura, ndani ya sura vifungu. Mambo ya kodi na malipo yana mlango wao. Mambo ya mwenye mgodi na watu wanaokaa juu ya ardhi yana mlango mwingine, mbali kabisa na ule wa kwanza. Kifungu cha kwanza kinaeleza maana za maneno, na kila msomaji lazima apewe hicho, hata kama kipande chake kiko mwishoni mwa kitabu. Bila hicho, watu wawili watatumia neno moja kwa maana mbili.

Kisha andikeni maswali. Si mengi, matano au sita yanatosha, na wasomaji wote wawe nayo yale yale. Kwa kartie iliyo karibu na mgodi yanaweza kuwa haya: kampuni inalipa nini na inamlipa nani? Inaruhusiwa kukaribia nyumba na mashamba kwa umbali gani? Mtu akihamishwa anadai nini? Nani anasimamia pesa za miradi? Kampuni isipotimiza, kinafuata nini? Kikundi kisicho na maswali kitaleta muhtasari wa kila kitu, na muhtasari wa kila kitu ni vigumu kuuunganisha kwa sababu hakuna anayejua nini kiachwe.

Mkate wapi?

Wengi hugawa kwa idadi: kurasa 200 kwa watu sita, basi kila mtu thelathini na kitu. Ni haki, lakini mkasi unaweza kuangukia katikati ya sentensi. Kateni kwenye maungio ambayo mwandishi wa sheria aliyaweka mwenyewe: mwisho wa mlango, ukishindikana mwisho wa sura, na ukishindikana kabisa mwisho wa kifungu. Ndani ya kifungu msikate kamwe. Mmoja akipata kurasa 25 na mwingine 40, mwenye 40 apewe siku zaidi au asaidiwe na mtu. Kwa Kifaransa cha sheria, kurasa 15 hadi 20 kwa kikao kimoja zinatosha kwa mtu mwenye macho mazima. Baada ya hapo anasoma maneno, maana haimwingii.

Hata mkikata vizuri, yako mambo yanayovuka mpaka. Tazama vifungu 240, 241 na 242. Kifungu 240 kinaeleza malipo ya mrabaha wa madini, ile redevansi, yanahesabiwa juu ya thamani gani. Kifungu 241 kinataja viwango: shaba, kwa mfano, iko katika kundi la asilimia 3.5. Kifungu 242 kinasema pesa hizo zinagawanywa vipi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa komini, sekta, shefferi au mji ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sasa fikiria mpaka wa vipande umeangukia kati ya 241 na 242. Msomaji wa kwanza anaandika "shaba inalipiwa asilimia 3.5." Wa pili anaandika "komini inapata asilimia 15." Wote wamesema kweli, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hiyo 15 ni sehemu ya ile 3.5.

Dawa yake ni kupishanisha. Kila msomaji apewe kurasa mbili au tatu za mwisho za kipande kilichotangulia na kurasa mbili za mwanzo za kipande kinachofuata. Atazisoma ila hatazifanyia muhtasari; ni za kumwonyesha mto unatoka wapi na unaelekea wapi. Gharama yake ni kurasa chache za fotokopi, na ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika kazi hii.

Msomaji aandike nini?

Hapa naomba msimamizi awe mkali. Muhtasari wa aya ndefu, ule wa shuleni, usikubaliwe bado. Mkiruhusu aya, msomaji mwenye kalamu nzuri ataandika maneno matamu na namba zitayeyuka humo. Badala yake kila jambo liandikwe kwenye kadi yake. Kata karatasi ya kawaida vipande vinne, utapata kadi nne. Kadi moja, jambo moja. Hii hapa ni kadi ya kifungu 285 octies, kile kinachoweka fungu la miradi ya jamii:

```
Swali:       Kampuni inalipa nini, inamlipa nani?
Nani:        mwenye haki ya kuchimba
Nini:        anatenga fungu la miradi ya jamii
Kiasi:       ANGALAU asilimia 0.3
Ya nini:     ya mauzo yake ya mwaka
Isipokuwa:   sijaona katika kifungu hiki
Inategemea:  maelezo ya Kanuni ya Madini
Mahali:      kifungu 285 octies, ukurasa ...
```

Mistari mitatu ya kadi hiyo ndiyo inayoachwa mara nyingi. Mstari wa "ya nini" ni wa kwanza. Asilimia bila kitu chake haina maana yoyote, na bado utaiona imeandikwa hivyo kwenye ubao wa mikutano. Mstari wa "inategemea" ni wa pili: kila kifungu kinaposema "kama ilivyoelezwa katika kifungu fulani" au "kwa masharti ya Kanuni," andika nambari hiyo, maana ni mlango wa kipande cha mwenzako au wa kitabu kingine. Kanuni ya Madini ni hati tofauti na sheria, ni amri nambari 038/2003 ya tarehe 26 Machi 2003 iliyorekebishwa na amri nambari 18/024 ya tarehe 8 Juni 2018, na mambo mengi ya utekelezaji yako humo.

Mstari wa tatu ni "isipokuwa". Sheria hii ina kifungu 279, kinachozuia mwenye mgodi kukalia ardhi iliyo karibu mno na mali za watu. Kwa nyumba na majengo, umbali ni mita 180. Kwa shamba lililolimwa, mita 45. Msomaji anayefurahi ataandika: "Mgodi hauruhusiwi kukaribia nyumba chini ya mita 180." Lakini sentensi ya sheria inaanza na neno dogo linalobadilisha kila kitu: isipokuwa kwa ridhaa ya mwenye mali au mkaaji halali. Maana yake kwenu ni kubwa kuliko ile namba. Karatasi ya ridhaa ambayo jirani ataletewa asaini inaweza kuufungua mlango ambao nyinyi mlidhani umefungwa na sheria. Muhtasari uliobeba mita 180 na kuacha ridhaa umewapa watu usingizi wa uongo.

Kama mnasoma faili kwenye simu au kompyuta, maneno hayo yanaweza kuwindwa. Fungua sehemu ya kutafuta, kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F, andika "sauf", halafu "à moins que", halafu "toutefois", na upite kila mahali yanapojitokeza ndani ya kipande chako. Hayo ndiyo maneno ya Kifaransa yanayoleta isipokuwa. Tafuta pia "peut" na "doit". La kwanza linamruhusu mtu, la pili linamlazimisha, na ukiyachanganya umegeuza hiari kuwa deni. Faili nyingine ni picha tu za kurasa zilizopigwa skana, kutafuta hakutaleta kitu hata neno likiwepo. Jaribu kwanza neno unaloliona kwa macho yako kwenye ukurasa. Lisipopatikana, tafuta kwa macho.

Jambo la mwisho kwa msomaji: swali ambalo kipande chako hakilijibu, liandikie kadi pia. "Swali la umbali: nimesoma vifungu vyangu vyote, hakuna." Vinginevyo msimamizi hatajua kama hakuna kitu au hukufika huko.

Siku ya kuunganisha

Chagueni meza kubwa au mkeka. Msipange kadi kwa mfuatano wa kitabu. Pangeni kwa maswali. Kadi zote za "inalipa nini" mahali pamoja, zote za "umbali" mahali pamoja, zitoke kwa msomaji yeyote. Mara moja mtaona mambo ambayo hakuna msomaji mmoja angeyaona, kwa sababu mlango wa kodi na mlango wa wakaaji wa ardhi, iliyokuwa mbali kwenye kitabu, sasa iko bega kwa bega.

Na hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapotokea, karibu kila mara ni ule ule. Kadi moja inasema asilimia 15. Nyingine inasema asilimia 0.3. Utasikia mtu akisema, "Yaya, moja ya hizi ni makosa, tuchukue iliyo kubwa." Mwingine anayetaka amani anapendekeza waandike "kati ya 0.3 na 15." Msikubali hata moja. Kadi mbili zikionekana kupingana, kabla ya kumshtaki msomaji, linganisheni mistari: nani, ya nini, kwa nani. Tufanye hesabu hiyo taratibu.

Tuseme kampuni imeuza shaba ya dola milioni 100 kwa mwaka, shaba peke yake. Tuchukue namba hiyo hiyo pia kama thamani inayotozwa mrabaha, ili hesabu iwe nyepesi. Mrabaha wa asilimia 3.5 ni dola 3,500,000. Katika hizo, serikali kuu inapata 1,750,000, mkoa 875,000, mfuko wa vizazi vijavyo 350,000, na asilimia 15 ya komini au sekta ni dola 525,000. Fungu la miradi ya jamii ni kitu kingine kabisa: angalau asilimia 0.3 ya mauzo yote, yaani angalau dola 300,000. Asilimia ndogo imezaa pesa isiyoachana sana na ile kubwa, kwa sababu imetolewa kwenye chungu kikubwa zaidi.

Wapokeaji nao ni tofauti. Zile 525,000 zinaingia kwa utawala wa mahali, zinatakiwa kuonekana kwenye bajeti ya komini, na wa kuulizwa ni burgumesta. Zile 300,000 hazipiti kwa komini. Zinasimamiwa na chombo maalumu ambamo wawakilishi wa kampuni na wa jamii wanakaa pamoja. Kikundi kikiandika "kampuni inatoa asilimia 15 kwa jamii," watu watatoka mkutanoni wakidai dola milioni 15, zaidi ya mara 28 ya kiasi halisi, na watamdai mtu ambaye si mwenye kuzilipa kwao. Mwakilishi wa kampuni atawasahihisha mbele ya kila mtu, na baada ya hapo hata madai yenu ya kweli yatasikilizwa kwa masikio mazito.

Kwa hiyo kadi hizo mbili zote zinabaki. Zinaandikwa moja chini ya nyingine, kila moja na "ya nini" yake. Kanuni ya meza ni hii: kadi zinazosema jambo lile lile kwa maneno tofauti zinaunganishwa, na nambari za vifungu vyote viwili zinabaki; kadi zenye tofauti yoyote katika nani, kiasi, ya nini au isipokuwa haziunganishwi. Ikiwa mmelinganisha yote na bado zinapingana, msimamizi afungue nakala nzima na asome kifungu kwa sauti. Msipige kura. Kura haibadilishi kilichoandikwa.

Kuna shimo lingine ambalo hesabu yetu imelikwepa kwa makusudi. Migodi mingi ya huku inatoa shaba pamoja na kobalti. Kifungu 241 kinataja asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, lakini ukisoma kifungu chote hutakuta humo kwamba kobalti ni ya kimkakati. Hilo liko katika amri nambari 18/042 ya tarehe 24 Novemba 2018, iliyoitaja kobalti pamoja na jerimani na koltani. Hata wasomaji sita wakiwa makini kiasi gani, jibu halimo katika vipande vyao. Ndiyo maana ni vizuri kutenga pembe ya meza kwa kadi za "nje ya kitabu": kila kitu ambacho sheria inasema kitaamuliwa na amri, na Kanuni, au na waziri. Mpeni mtu mmoja orodha hiyo aifuate. Msiijaze kwa kukisia.

Kwa nini tusifupishe tena na tena?

Vikundi vikubwa huwa na desturi ya kufupisha kwa ngazi: wasomaji kumi na wawili wanaleta mihtasari kumi na miwili, wawili wawili wanaunganisha wanapata sita, halafu mitatu, halafu mmoja. Ni njia ya kawaida na haiepukiki kitabu kikiwa na kurasa elfu. Ubaya wake ni kwamba kila ngazi inaondoa kitu. Kwanza "angalau" inaanguka. Ngazi ya pili nambari ya kifungu inaonekana kama uchafu, inafutwa. Ngazi ya tatu "isipokuwa kwa ridhaa" inageuka "kwa masharti fulani," na masharti gani hakuna anayekumbuka.

Ukilazimika kupita ngazi, beba vitu viwili pamoja. Kimoja ni maelezo ya kawaida, na hayo yafupisheni mnavyotaka. Kingine ni orodha ya mambo yasiyoguswa: kila namba, kila tarehe, kila jina la mwenye wajibu, kila isipokuwa, pamoja na kifungu chake. Orodha hiyo inapanda ngazi zote neno kwa neno. Ruhusa pekee ni kuondoa marudio. Kwa maswali matano ya kartie itakuwa labda kurasa mbili, na wengi wanaishia kuitumia hiyo kuliko maelezo yenyewe.

Mtajuaje kwamba hakuna kilichopotea?

Fanyeni majaribio mawili, na yasifanywe na mtu aliyeunganisha. La kwanza linatoka kadi kwenda muhtasari. Chukua kadi zote zenye namba, uzipitie moja moja ukiweka alama kwenye muhtasari pale namba ilipo. Kadi isiyopata alama ni kitu kilichopotea, au kitu mlichoamua kukiacha. Kama mliamua, andikeni hivyo.

La pili linatoka kitabu kwenda muhtasari, na ndilo linalofichua zaidi, maana linagusa hata yale ambayo hayakuwahi kupata kadi. Fungua nakala nzima mahali popote ndani ya sura zinazohusu maswali yenu, soma ukurasa mmoja, kisha uulize: kilicho hapa kinachojibu swali letu, kiko kwenye muhtasari? Rudia kwa kurasa nne au tano, angalau moja ya kila msomaji. Ukikuta upungufu kwenye ukurasa wa msomaji mmoja, kipande chake chote kisomwe upya na mwingine. Asikasirike, huenda alipewa kipande kigumu, au kurasa zake za mwisho alizisoma usiku umeme ukiwa umekatika.

Muhtasari mwingi hapa utasomwa kwa Kiswahili, na kitabu ni cha Kifaransa. Tafsiri ifanyike mara moja tu, mwishoni, na mtu mmoja, huku maneno ya msingi ya Kifaransa yakibaki kwenye kadi. Wasomaji sita wakitafsiri kila mmoja kwake, jambo moja litakuwa na majina matatu, mrabaha, ushuru na kodi, na siku ya kuunganisha mtadhani ni malipo matatu. Baada ya kutafsiri, usomwe kwa sauti mbele ya mzee au mama ambaye hakushiriki, naye aseme alichoelewa: nani analipa, kiasi gani, cha nini, isipokuwa nini. Akisema "asilimia 15 ya mauzo," rudini kwenye sentensi hiyo muiandike upya.

Mjue pia mpaka wa kazi hii. Muhtasari unawaonyesha waulize nini na kwenye ukurasa gani. Hautoshi kupelekwa mahakamani wala kusaini karatasi ya kuhama. Hapo anahitajika avoka, au shirika la kiraia lenye mwanasheria, na kitakachowasaidia ni kumpelekea zile kadi zenye nambari za vifungu. Atamaliza kwa saa moja kazi ambayo ingemchukua siku nzima.

Juu ya ukurasa wa kwanza wa muhtasari andikeni mambo manne: jina na toleo la hati mliyoisoma, tarehe mliyomaliza, vifungu ambavyo hamkuvisoma, na nani anatunza nakala nzima na kadi. Zifungeni kadi kwa mpira, kila swali fungu lake, ziwekwe mahali pakavu kwa katibu wa kartie. Amri mpya ikitoka, kama ile ya 2018 ya kobalti, hamtaanza upya: mtatoa kadi zinazoguswa, mtaandika mpya, na mtasahihisha mistari hiyo tu.